Kironi imerudi na nina miaka 50: nisubiri kupona ndipo niwalee vijana?

*Mwalimu, salaam.*

*Nilizaliwa tarehe 21 Aprili 1976, saa saba na nusu usiku. Niliingiza 7:30 kwenye tovuti ya ramani za nyota, nikapewa Kironi, lile jiwe la angani, nyuzi 28 ya Punda, nyumba ya 12, na nikaelezwa kwamba mwaka huu inarudi palepale ilipokuwa nilipozaliwa. Maelezo ya nyumba hiyo yanataja hospitali na mambo ya siri, wala sijioni humo.*

*Nina kigugumizi tangu utotoni. Kaka yangu mkubwa alikuwa akiniigiza mbele ya wageni, watu wakacheka, nami nikajifunza kunyamaza. Ndiyo sababu nikaingia uhasibu. Sasa kazini nimekabidhiwa vijana watatu niwalee. Tangu Julai maneno yanakwama kuliko wakati wowote katika miaka ishirini iliyopita, nalia bila kujua sababu, na hasira juu ya kaka imefufuka. Mnajimu mmoja amenishauri niache kazi nikasomee uponyaji kwake, eti ndio mwito wa miaka 50. Ni kweli? Na vijana hawa niwapokee, au kwanza nipone?*

*Mhasibu Kimya*

---

Dada Mhasibu, mpokee kijana mmoja mwezi ujao, wengine wawili baada ya Machi 2027. Kazi usiache. Sababu zangu nitazieleza, lakini kwanza turekebishe ramani yako, kwa maana umekuwa ukisoma ya mtu mwingine.

Saa saba na nusu usiku kwenye tovuti huandikwa 01:30. Wewe umeandika 7:30, na kompyuta imeelewa saa moja na nusu asubuhi. Kosa hili mimi hulikuta mara nyingi sana kwa watu wanaohesabu saa kwa Kiswahili, na wengi hawaligundui kamwe kwa sababu ramani hutoka nzuri tu, haina alama ya kosa. Kuna njia moja rahisi ya kulikamata. Tazama duara: mstari wa mlalo ni upeo wa macho, juu yake ni mbingu inayoonekana, chini yake ni upande uliofichwa na dunia. Aliyezaliwa usiku wa manane lazima Jua lake liwe chini kabisa ya duara. Kwenye ramani yako ya 7:30, Jua liko upande wa kushoto, juu kidogo ya mstari, kama Jua lililochomoza muda si mrefu. Hilo haliwezi kuwa Jua la saa saba usiku.

Ukirekebisha, Kironi inatoka nyumba ya 12 na kuingia nyumba ya 3, kwa mfumo wa Plasidusi ambao tovuti nyingi hutumia usipochagua mwingine. Nyumba ya 3 ni ya kusema, kusoma na kuandika, na ni nyumba ya ndugu wa tumbo moja. Umesoma barua yako mwenyewe hapo. Kigugumizi na kaka vinakubaliana na hilo.

Kosa la saa halikugusa nyuzi zenyewe. Kironi ilipokuwa ikienda mbele Aprili 1976 ilitembea kama dakika 3 za nyuzi kwa siku, na nyuzi moja ina dakika 60. Saa sita za kosa hazifikishi hata dakika moja. Nyuzi 28 ya Punda, ambayo wanaofuata majina ya Kiarabu huiita Hamali, ni sahihi, na tarehe za marejeo ni zilezile.

Sasa hizo tarehe. Marejeo ya Kironi huchukua miezi mingi, na wanaoyachukulia kama siku moja hukosea kila kitu kinachofuata. Dunia yetu hulipita jiwe hili kila mwaka, na linapopitwa huonekana kutoka hapa kama linarudi nyuma kwa takribani miezi mitano, kisha linaendelea mbele tena. Ndiyo maana nyuzi yako inapitwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Mei 2026, Kironi ikienda mbele. Mara ya pili itakuwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, ikirudi nyuma. Mara ya tatu ni Machi 2027, ikienda mbele kwa mara ya mwisho, na kufikia katikati ya Aprili 2027 itakuwa imetoka Punda na kuingia Ng'ombe. Kupata siku kamili fungua jedwali la sayari, tafuta safu yenye jina Chiron au alama ⚷ inayofanana na ufunguo, ushuke nayo hadi uone 28 chini ya Punda. Mimi huhesabu nyuzi moja kabla na nyuzi moja baada. Zaidi ya hapo mtu anaweza kuhusisha kila kikohozi na Kironi.

Lakini wewe hukusema Mei. Ulisema Julai, na hili ndilo lililonifanya nikae na ramani yako kwa muda. Ulizaliwa Jua likiwa nyuzi 1 ya Ng'ombe, yaani nyuzi tatu tu mbele ya Kironi. Kironi iliingia Ng'ombe tarehe 19 Juni mwaka huu, ikapunguza mwendo, na mwanzoni mwa Agosti ikasimama karibu na nyuzi 1 ya Ng'ombe kabla ya kugeuka. Ilisimama juu ya Jua lako. Kitu kinachotembea dakika 3 kwa siku hupita nyuzi moja ndani ya wiki tatu. Kinaposimama, hukaa hapohapo majira mazima. Kwa wasomaji wa Kironi, kusimama juu ya Jua huwa kuzito kuliko mpito wa kawaida, kwa sababu Jua ni heshima ya mtu, kule kuonekana na kutajwa kwa jina. Mtu aliyechagua kazi ya tarakimu ili asionekane, kisha akakabidhiwa vijana watatu wa kumtazama mdomoni, ana sababu ya kutetemeka. Kufikia 17 Septemba Kironi inarudi Punda na kuliacha Jua lako nyuma, na kwa usomaji huu ukali wa Julai na Agosti unapaswa kushuka. Usiposhuka, nitarudi kwenye hilo mbele.

Kabla hujaamini lolote katika haya, lipime kwa maisha yako mwenyewe. Njia ya Kironi angani ni duara lililovutwa sana kuwa yai. Mwaka 1996 ilikuwa karibu kabisa na Jua, mara nane na nusu ya umbali wa dunia kutoka kwa Jua. Mwaka 2021 ilikuwa mbali kabisa, karibu mara kumi na tisa. Ikiwa karibu hukimbia, ikiwa mbali hujikokota. Kwa hiyo mzunguko mzima huchukua miaka 50 na miezi kadhaa kwa kila mtu, lakini robo zake hazilingani. Kwako wewe robo ya kwanza iliangukia mwaka 1991, ukiwa na miaka 15. Nusu, Kironi ikikabili mahali pake pa kuzaliwa, ilikuwa mwishoni mwa 1996 na kuingia 1997, ukiwa na 20 au 21. Robo ya tatu ilikuwa 2005, ukikaribia 29. Kisha ukakaa miaka 21 bila robo yoyote. Hiyo "miaka ishirini iliyopita" uliyoiandika huenda hukuipima, lakini inaangukia palepale.

Chukua karatasi, andika 1991, 1996 hadi 1997, na 2005. Mbele ya kila mmoja andika sentensi moja juu ya sauti yako, au ya kaka, katika kipindi hicho: nani alikusikia, nani alikukata, ni wapi ulikataa kusema. Usiulize mtu mwingine siku hiyo, andika unachokumbuka mwenyewe. Ukipata mbili kati ya tatu zinazogusa jeraha hilohilo, Kironi ni kipimo kizuri kwako na unaweza kuyafuata haya mengine kwa uzito. Ukikuta hakuna kitu, usilazimishe kumbukumbu. Chukulia kwamba Kironi haizungumzi kwa nguvu katika ramani yako, na shika tu yale ya chini yanayohusu vijana, ambayo yanafaa hata kwa asiyeamini nyota.

Na kwa kuwa nimelitaja hilo, tarehe na nyuzi ni elimu ya anga, mtu yeyote anaweza kuzihakiki. Maana tunayozipa ni usomaji. Usomaji huu pia ni mchanga. Kironi iligunduliwa na Charles Kowal katika kituo cha Palomar tarehe 1 Novemba 1977, ikiwa nyuzi 3 ya Ng'ombe. Wewe ulizaliwa mwaka mmoja na nusu kabla mtu yeyote hajajua kwamba ipo. Haijamaliza hata mzunguko mmoja tangu ionwe. Itafika pale ilipogunduliwa kati ya 2027 na 2028. Kwa hiyo anayekuambia kwamba wahenga walijua mwito wa Kironi wa miaka 50 anakupa kitu ambacho hakina wahenga. Walioanza kuisoma walichukua jina ililopewa, wakaenda kwenye hadithi ya Wayunani, wakalinganisha na maisha ya watu. Ndivyo tunavyofanya hadi leo.

Hadithi yenyewe inasomwa kwa haraka mno, na makosa mengi ya walezi wa umri wako yanatoka hapo. Watu hushika jina la "mponyaji aliyejeruhiwa" na kudhani kwamba Kironi alikuwa mwalimu *kwa sababu* ya jeraha. Hapana. Kironi alilelewa na Apolo, akajifunza dawa, muziki na uwindaji, akawafundisha Asklepio, Akile na Yasoni. Alikuwa fundi kwanza. Mshale wenye sumu ya nyoka Hidra ulimpata baadaye, kwa bahati mbaya, ukitoka kwa Herakle ambaye alikuwa rafiki yake. Wala kidonda hakikufunga. Yeye ni wa wasiokufa, sumu ile haiponi, kwa hiyo alibaki na maumivu hadi alipoutoa uzima wake wa milele ili Prometheo afunguliwe.

Weka hadithi hiyo juu ya barua yako. Ulichonacho cha kufundisha ni uhasibu. Kigugumizi hakikukupa uhasibu; kilikupeleka mlangoni, miaka uliyofanya kazi ndiyo iliyokufundisha. Vijana watatu wamepewa kwako kwa ajili ya ufundi huo. Kidonda hakina haja ya kufunga ndipo ufundishe, kama ambavyo hakikufunga kwa Kironi. Kinachotakiwa ni kimoja tu: kisikae kwenye kiti cha mwalimu.

Utajuaje kwamba kimekaa? Nakupa dalili ninazoziamini kuliko hisia, kwa sababu hisia zitakuambia kila siku kwamba hufai. Ya kwanza ni kijana kuanza kukufariji. Akisema "usijali, dada" mara mbili katika kikao kimoja, wewe ndiye unayelelewa. Ya pili ni kuchagua anayefanana nawe. Kama kati ya wale watatu kuna mmoja mwoga, mkimya, na moyo wako umeshamkimbilia, usianze na huyo. Anza na yule ambaye hakukumbushi utoto wako, kwani ndiye utakayemwona jinsi alivyo. Ya tatu ni kuudhika kupita kiasi asipofuata ulichomwambia. Mlezi wa kazi akipuuzwa hurudia maelezo, au humwacha kijana akosee na kusahihisha. Aliyejeruhiwa akipuuzwa husikia kicheko cha wageni wa kaka yake.

Kuna ya nne, na kwa mwenye kigugumizi hii ndiyo hujificha zaidi: kumnyang'anya kijana maneno. Wewe unajua uchungu wa mtu kukumalizia sentensi. Lakini anayejitahidi kuficha kukwama hujifunza kuongea kwa kasi pale njia inapokuwa wazi, akijaza nafasi yote kabla haijafunga, na kijana hapati pa kuingilia. Tazama saa. Katika kikao cha dakika 45, yeye aongee angalau nusu.

Basi panga hivi. Kijana mmoja, vikao sita, kimoja kila wiki mbili, dakika 45. Ukianza mwanzoni mwa Oktoba utamaliza katikati ya Desemba, na mpito wa pili utakuwa katikati ya safari. Kila kikao yeye alete kazi moja halisi iliyomshinda wiki hiyo, si mada. Iwe ni hesabu ya benki isiyolingana na daftari, au taarifa ya mwisho wa mwezi iliyorudishwa. Mkae upande mmoja wa meza, mtazame karatasi ileile. Mpangilio huu nauchagua kwa ajili yako: macho ya watu wawili yakiwa kwenye karatasi, hakuna anayetazama mdomo wa mwenzake, na kukwama kunabaki kuwa kukwama tu.

Kikao cha kwanza, dakika ya kwanza, sema sentensi moja: "Nina kigugumizi, nikikwama nipe muda, nitamaliza mwenyewe." Kisha fungua karatasi. Wataalamu wa tiba ya usemi huwafundisha watu kujitambulisha hivi, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Sehemu kubwa ya taabu ya kigugumizi ni nguvu inayotumika kukificha: kubadilisha neno katikati, kukohoa bure, kuacha kuuliza swali. Ukishakitaja, kazi hiyo ya kuficha inapungua, na aliye mbele yako hana tena haja ya kujiuliza afanye nini. Sentensi iwe moja. Ukiendelea hadi kwa kaka na wageni, umeshamkabidhi kijana mzigo ambao hakuja kuubeba. Historia ya jeraha nayo ina mahali pake, ila si kwake.

Hapo ndipo lilipo swali lako la kupona. Katika usomaji wa Kironi, kupona hakumaanishi kigugumizi kuondoka mwaka 2027. Anayekuahidi hivyo hajaisoma hadithi hadi mwisho. Dalili ya kupona kwa Kironi ya nyumba ya 3 katika Punda ni kwamba unaanza kusema wewe kwanza. Punda ni ishara ya kutangulia, na jeraha lake ni mtu kuzimwa pale tu anapoanza. Kwa hiyo pima vitu vidogo vinavyohesabika. Ni mara ngapi wiki hii umeuliza swali kwenye mkutano kabla mwingine hajauliza? Ni simu ngapi umepiga badala ya kuandika ujumbe? Andika tarakimu hizo kwenye daftari kila Ijumaa. Tarakimu ni lugha yako, zitakuwa waaminifu kwako kuliko hali ya moyo. Sambamba na hilo, mtafute mtaalamu wa tiba ya usemi, hata kama uliwahi kujaribu zamani ukakata tamaa. Mtu mzima hafundishwi kusema bila kukwama hata kidogo; hufundishwa kukwama bila kupambana, na hilo linafundishika katika umri wowote.

Kaka sasa. Mpito wa pili, ule wa Kironi ikirudi nyuma, ndio tunaousoma kama wakati wa kurudi kwenye chanzo. Watu wengi huharibu hapa kwa kuchagua siku ya nyuzi kamili na kwenda kumwaga yote. Siku hiyo ndiyo ya kukaa na daftari. Mazungumzo yafanye wiki mbili au tatu baadaye, katikati au mwishoni mwa Novemba, kwanza ukiwa umeandika barua ambayo hutaituma. Iandike yote, hata kurasa kumi. Ikae siku saba. Kisha isome na utafute ndani yake ombi moja ambalo kaka anaweza kulitimiza leo kama mtu mzima. "Kwa nini ulinifanyia hivyo" si ombi, kwani huenda hata yeye hajui, na jibu lolote litakuumiza. "Tukiwa mbele ya watu usinimalizie sentensi" ni ombi. Anaweza kulitimiza au kukataa, na wewe utaona. Hasira haitaisha kwa hilo peke yake, lakini itakuwa imehama kutoka kwa yule mtoto kwenda kwa dada mtu mzima anayejua anachotaka.

Kuhusu mnajimu wako nitasema wazi. Hakuna mahali kwenye ramani panapoonyesha kuacha kazi ukasomee uponyaji kwa mtu fulani. Nyumba ya 3 inaonyesha *eneo* ambamo jeraha na ulezi hukutana, yaani kusema na kujifunza, na eneo hilo tayari limekujia kazini kwa sura ya vijana watatu. Mtu aliye katikati ya mipito mitatu, Kironi ikiwa imetoka kusimama juu ya Jua lake, ni mwepesi sana wa kushawishika kwamba maisha yake yote yaliyopita yalikuwa kosa. Kwa hiyo ushauri wa kawaida kati yetu ni kutofanya uamuzi usiorudishika hadi mpito wa tatu upite. Kwako ni baada ya Machi 2027, na mimi ningeongeza miezi mitatu. Kama hamu ya kusomea uponyaji itakuwa bado ipo Juni 2027, bila mtu wa kuipulizia, tuandikie tena tuitazame. Mshauri mwenye nia njema hatakudai ujibu kabla ya hapo.

Na lile la kulia, kama ukali hautashuka, nililosema nitalirudia. Mwanamke wa miaka 50 anaweza kulia, kutolala na kupandwa na joto ghafla kwa sababu za homoni zinazopimika na kutibika, na sononi nayo haingoji nyota. Kama kulia, kukosa usingizi au kukosa hamu ya vitu unavyovipenda kumeendelea kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali wiki hii, usingoje tarehe yoyote niliyoitaja hapa. Hali kadhalika kama kigugumizi kimebadilika namna yake, mathalani ulimi umekuwa mzito, maneno yanapotea, au upande wa uso au mkono umelegea, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kironi haiharibu usemi wa mtu ghafla; kiharusi huweza.

Machi 2027, mpito wa tatu ukifika, fungua daftari la Ijumaa. Linganisha tarakimu za Oktoba na za Februari. Kama maswali na simu zimeongezeka, hata kwa moja au mbili tu kwa wiki, wapokee vijana wawili waliobaki kwa mpango uleule wa vikao sita, na yule mkimya awe wa mwisho. Kama zimebaki palepale au zimeshuka, mchukue mmoja tu, na uendelee na mtaalamu wa usemi hadi majira yanayofuata. Yule wa kwanza mwombe akuambie kitu kimoja ulichomfundisha ambacho sasa anakifanya bila kukuuliza, ukiandike pembeni ya tarakimu zako.

Na ukiandika tena, ramani iwe ya 01:30.